Dayazepamu miligramu 5 kwa mtu anayekoroma: tathmini yangu

Kwa kazi ya kulaza, kidonge hiki sina la kukilaumu. Ukikimeza saa nne usiku, hata joto la Mtwara la Desemba halikuzuii kupitiwa na usingizi. Ila kwa mtu anayekoroma huku pumzi ikikatika, sikipendekezi hata kidogo.

Mtu huyo akilala, misuli inayoshikilia ulimi hulegea, ulimi unarudi nyuma na koo linaziba. Kifua kinahangaika, hewa haipiti. Kinachomwokoa ni ubongo: ukihisi hewa chafu imezidi kwenye damu, unamshtua, koo linafunguka kwa mkoromo wa ghafla, kisha analala tena. Asubuhi hakumbuki kitu, anajua tu kwamba amechoka na hakulala. Basi anakwenda duka la dawa kuomba cha usingizi, wakati ugonjwa wake uko kooni.

Dayazepamu inamharibia kote kuwili. Inazidi kulegeza koo, halafu inauchelewesha ubongo kushtuka. Tuseme pumzi hukatika mara 20 kwa saa, sekunde 15 kila mara: hizo ni dakika 5 bila hewa katika kila saa. Akimeza kidonge, huenda zikawa mara 16 tu, lakini kila moja sekunde 30. Sasa ni dakika 8. Mkewe aliye pembeni ataona nafuu, maana mume hagaagai tena wala hashtuki ovyo. Hapo ndipo watu wengi wanakosea.

Kwa hiyo usihesabu mishtuko, hesabu urefu wa kimya. Mkoromo ukikatika na pumzi isisikike, anza kuhesabu mpaka irudi. Kuanzia sekunde 10 pumzi imekatika kweli. Kama mna oksimita ya kidole, kile kifaa kinachopima oksijeni kwenye damu, endelea kuitazama hata baada ya pumzi kurudi, kwa sababu damu yenye upungufu wa oksijeni huchelewa kufika kidoleni. Namba yake ikishuka chini ya asilimia 90 mara kwa mara, ni safari ya hospitali.

Halafu dawa hii haiishi asubuhi. Nusu yake huweza kubaki mwilini siku nzima, hata mbili, na kwa wazee zaidi, hivyo cha leo kinakikuta cha jana. Msimu wa korosho, mtu akinywa uraka jioni kisha akameza kidonge, pombe nayo inalegeza koo lilelile na kuuzubaisha ubongo uleule. Mchanganyiko huo unaua.

Aliyekitumia kwa wiki kadhaa asikiache ghafla, anaweza kupata degedege. Daktari ndiye ampunguzie taratibu. Wakati akisubiri, alale ubavu, si chali. Na akifika kwa daktari asiseme tu “sipati usingizi.” Aseme anakoroma na pumzi inakatika, na aende na huyo anayelala naye, ndiye aliyehesabu.