Rangi ya chumba cha mtoto: angalia mng'ao kabla hujachagua rangi

Swali ninaloulizwa sana na akina mama ni hili: "Dada, nipake rangi gani chumbani kwa mtoto ili alale?" Juzi limekuja tena kutoka kwa mama mmoja wa Kimara, safari hii likiwa na hasira ndani yake. Mwanawe ana miaka sita, usiku hatulii, anageuka huku na huku mpaka shuka linaishia sakafuni. Mama akaambiwa bluu inatuliza. Akanunua bluu ya mawingu, fundi akapaka, kila aliyeingia akasifia. Mtoto yuko vilevile.

Akanitumia picha ya chumba iliyopigwa usiku. Kwenye ukuta unaotazamana na kitanda niliona balbu ya pili. Ile ya darini ilikuwa imejiakisi kwenye rangi, na chini yake feni ilikuwa ikizunguka, kwa hiyo ule mwanga ulikuwa ukikatika na kurudi, ukikatika na kurudi, usawa wa macho ya mtoto aliyelala. Bluu haina kosa hapo. Kosa ni kwamba rangi aliyouziwa ni silki.

Madukani kwetu rangi za ndani za maji zinakuja kwa namna mbili kubwa: silki, inayong'aa kidogo, na mati, isiyong'aa kabisa. Ukisema tu "nataka rangi ya chumba cha mtoto" utapewa silki bila kuulizwa swali la pili, kwa hoja moja: inafutika. Ni kweli inafutika. Ila muuzaji hajawahi kulala kwenye hicho chumba. Ukuta wa silki unarudisha taswira ya kila taa: ya darini, ya korido mlango ukiwa wazi, na ile taa ya ulinzi ya jirani inayopenya dirishani usiku kucha. Mati hupokea mwanga uleule na kuutawanya, jicho lisipate pa kunasia.

Nisidanganye mtu hapa. Hakuna rangi ya ukuta inayomlaza mtoto kama dawa. Kinachojulikana vizuri ni habari ya mwanga: mwanga mkali, hasa wenye ubluu, unauambia ubongo kuwa bado ni mchana na kuchelewesha homoni ya usingizi iitwayo melatonini, na watoto wanaathirika kuliko sisi wakubwa. Kwa hiyo kazi ya rangi ni kuamua mwanga huo ufanye nini ukishafika ukutani. Balbu nyeupe za 6500K tulizozizoea zitaiharibu hata rangi nzuri. Chumbani kwa mtoto weka ya mwanga wa njano, 2700K au 3000K, soma pembeni ya boksi. Ni badiliko la bei ndogo kuliko rangi yoyote, na ningeanza nalo. Na kama mtoto anakoroma sana au anakatika pumzi usingizini, acha habari za rangi, mpeleke hospitali.

Sasa chaguo zangu, kwa mpangilio.

Ya kwanza ni kijani kilichofifia chenye ujivujivu ndani yake, kwa mati, kwenye kuta zote ambazo mtoto anaziona akiwa kichwa kwenye mto. Ukuta wa kichwani, ambao akilala hauoni, ndio unaubebesha uchangamfu: manjano ya haradali au chungwa la embe, kuanzia sakafuni hadi mita 1.2 tu. Hapo ndipo panapowekwa kapu la midoli na mkeka wa kuchezea. Mchana akikaa chini kucheza, ile manjano ndiyo dunia yake yote. Usiku akipanda kitandani inabaki nyuma yake. Na kwa kuwa kipande hicho ndicho kitakachopigwa mpira, uji na kalamu za rangi, hapo peke yake ninakubali silki. Kiko chini, kiko nyuma ya macho, kisugueni mpaka mchoke.

Mtindo huu naupenda kuliko ule wa kupaka chumba kizima rangi moja "ya kutuliza", kwa sababu mtoto hachezi kwenye chumba cha wagonjwa. Na kijani hiki kina faida nyingine kwa Dar: chini ya balbu ya njano hakigeuki sana. Bluu hafifu inageuka.

Ndiyo maana bluu yenye vumbi, yaani bluu iliyotiwa kijivu, naiweka ya pili. Mchana ni nzuri sana, hasa chumba kinachopigwa na jua la jioni, inakipooza machoni. Usiku chini ya mwanga wa njano huwa inavutwa kuelekea kijani chafu, na wengine hawapendi. Ukiitaka, chagua yenye kijivu cha kutosha. Ya yule mama wa Kimara ilikuwa bluu safi ya mawingu, na bluu safi ikizunguka kuta nne hujikoleza yenyewe, kwa kuwa kila ukuta unamwagia mwenzake rangi. Kile kikaratasi cha duka hakikuonyeshi hilo. Ukipenda rangi fulani kwenye kikaratasi, chukua iliyofifia zaidi ya hiyo.

Ya tatu ni pichi ya udongo, ile ya ukuta wa tope uliokauka. Inapendana sana na mwanga wa njano, chumba kinakuwa na joto la macho. Joto la macho Januari, Dar, feni ikiwa imekatika umeme? Ndiyo maana ni ya tatu.

Krimu na nyeupe ya maziwa ni rahisi na zipo kila duka. Zikiwa mati, zinatosha. Chokaa inachafua nguo, niachieni.

Nyeupe kali ya silki, waridi la kung'aa na njano ya limau sizipi nafasi kabisa kwenye kuta za kutazamana na kitanda. Na rangi ya mafuta msiingize chumbani kwa mtoto, hasa njano, chungwa na nyekundu zilizokolea: kwa miaka mingi rangi hizo za mafuta ndizo zilizotiwa madini ya risasi ili zikolee. Hata ile manjano ya haradali niliyoisema, iwe ya maji, na kopo liwe limeandikwa kuwa halina risasi.

Kwa upande wa kampuni, mimi ni mtu wa Crown na sifichi. Vinili mati yao ndiyo ninayoitaka ukutani kwangu: inafunika vizuri, na ukiipitishia kitambaa chenye maji haitoki na kitambaa. Goldstar na Coral nazo zipo na zina watu wake. Ila ukisikia "mati" uliza kama ni vinili mati, kwa sababu kuna emalshani za bei ya chini zisizong'aa pia, lakini ukizigusa kwa kiganja unaondoka na unga.

Najua pingamizi lenu: mati haifutiki. Inafutika kwa wastani. Ukiisugua kwa nguvu inaacha doa linalong'aa, kwa hiyo unapangusa taratibu. Lakini kuna jambo ambalo wauza silki hawalisemi: mati ikichafuka kabisa unapaka kipande hicho tu kwa brashi, na baada ya kukauka huwezi kukiona. Silki ukiigusia kipande, kiraka kinaonekana kutoka mlangoni, inabidi upake ukuta mzima. Weka akiba ya nusu lita kwenye chupa yenye kifuniko, umemaliza.

Turudi kwa mama wa Kimara, tupige hesabu yake. Chumba ni mita 3 kwa 3.5, kimo mita 2.7. Kuta zote ni mita za mraba 35. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 31. Kipande cha manjano ni 3 kwa 1.2, yaani 3.6. Kilichobaki, kama 28, kinapakwa mara mbili, ni 56. Lita moja kwenye ukuta uliopigwa skimu huihesabu kwa mita 8, ingawa kopo linaahidi zaidi. Anahitaji lita 7: galoni mbili za lita 4, na akiba inapatikana humo humo. Manjano, kopo la lita moja. Fundi alikuwa amemwambia ndoo ya lita 20. Ishirini! Nyingine ingepaka nyumba ya nani?

Kwa kuwa ukuta wake una silki tayari, ataupiga msasa kwanza mpaka ule mng'ao ufe, aupanguse vumbi, ndipo apake. Mati juu ya silki isiyopigwa msasa hubanduka kama ganda.

Kabla ya kununua galoni, nunua kopo dogo, paka kipande cha jipsamu au ubao wenye upana wa nusu mita, mara mbili, kikauke hadi kesho yake. Usiku kisimamishe ukutani, washa balbu ya chumba hicho hicho, ulale wewe mwenyewe kitandani kwa mtoto, ndani ya chandarua. Halafu washa tochi ya simu, iegemeze karibu na kile kipande, mwanga uteleze juu yake. Ukiona mstari mweupe wa kung'aa, hiyo si mati, hata kopo liseme nini. Na chandarua nacho kiangalie: cheupe kikipigwa na taa kinawaka chote, cha bluu au kijani kinatulia.

La mwisho ni hawa wauzaji. Duka moja la Gerezani, silitaji, lilinichanganyia galoni mbili za rangi moja kwa kijiti na macho ya kijana wa kaunta. Zilipokauka ukuta mmoja ulikuwa kijani, mwingine majivu. Niliporudi nikaambiwa eti ukuta wangu una unyevu. Tangu hapo nanunua penye mashine ya kuchanganyia, na nadai ile stika yenye namba za mchanganyiko ibandikwe kwenye kila kopo, kisha nyumbani galoni zote namimina kwenye ndoo moja na kukoroga kabla rola haijagusa ukuta. Wengine wanagoma kutoa stika, wanataka urudi kwao tu. Bei nayo galoni ileile, kopo lilelile, mtaani kwangu inapanda kuliko Kariakoo kwa kiasi ambacho bajaji na balbu mbili za njano zinalipika na chenji inabaki. Ukiuliza unaambiwa "dada, usafiri". Galoni ina kilo chache tu, jamani, inabebwa mkononi.