Miwani ya polaraizi: ipi ununue kama unaendesha huku ramani iko kwenye simu

Siku ya kwanza kuvaa polaraizi nilidhani simu imekufa. Nilikuwa Barabara ya Morogoro nikielekea Kibaha, simu nimeilaza kwenye kishikizo, mara kioo kikawa cheusi tii. Nilipovua miwani, ramani ilikuwepo palepale.

Kisa ni hiki. Mwanga wa jua hutetema kila upande, lakini ukigonga maji au lami iliyolowa, ule unaorudi machoni hutetema zaidi kwa kulala. Lenzi ya polaraizi inazuia uliolala na kupitisha uliosimama, ndiyo maana mvuvi anaona samaki chini ya uso wa maji. Kioo cha simu nyingi nacho hutoa mwanga uliopangwa upande mmoja. Ukipangika kinyume na lenzi, giza. Mimi niliisimamisha tu simu, ramani ikarudi. Simu nyingine hufanya kinyume chake, kwa hiyo ijaribu yako kabla hujafunga kishikizo.

Kwa dereva na mvuvi, namba moja kwangu ni polaraizi ya kijivu au kahawia, yenye alama ya UV400, yaani inazuia miale ya UV ya jua inayodhuru macho, na giza la daraja la 3. Daraja la 4 ni zito mno, halifai kwa kuendeshea. Usitarajie miujiza jua likikuangalia usoni jioni: hapo linalokusaidia ni ule weusi wa lenzi tu, maana mwanga huo haujagonga kitu.

Namba mbili ni ile ya kubandika juu ya miwani ya macho. Si maridadi, lakini ukitaka kusoma skrini unaiinua tu.

Namba tatu, UV400 ya kawaida isiyo polaraizi. Hii ningeiweka ya kwanza kwa anayeshinda akisoma vioo: pampu ya mafuta, mashine ya kutolea pesa, dashibodi ya kidijitali. Rubani naye hushauriwa aachane na polaraizi kwa sababu hiyohiyo.

Ya mwisho ni ile yenye stika ya polaraizi na hakuna zaidi. Polaraizi haimaanishi kinga ya miale ya UV, na lenzi nyeusi isiyo na kinga hiyo inaweza kuwa mbaya kuliko kukaa bila miwani, kwa sababu mboni inapanuka gizani na miale inaingia.

Kupima dukani, omba miwani mbili za polaraizi, weka lenzi ya moja mbele ya nyingine, kisha izungushe moja robo mzunguko. Zikiwa za kweli, katikati panakuwa peusi. Halafu tazama skrini ya simu yako kwa jicho moja moja huku ukiinamisha kichwa: macho yote mawili yapate giza kwenye pembe ileile. Yakipishana, lenzi zimekatwa vibaya, na kichwa kitakuuma kabla hujafika Chalinze.