Testa na kitafuta toni: jinsi nilivyoipata kebo iliyokatika chumba cha mikutano

Seti yenyewe ina vipande vitatu: testa ya kebo za mtandao za RJ45, kitoa toni chenye klipu mbili, na kalamu inayolia ikikaribia waya wenye toni. Ni ya bei ya kawaida, nimeitumia kazini miezi kadhaa, lakini tundu la mtandao lililokufa chumba cha mikutano ndilo lililonionyesha thamani yake.

Kompyuta ikichomekwa pale, swichi haiwashi taa. Nilianza na kebo fupi za pande zote mbili, maana mara nyingi ndizo mbovu. Zilikuwa nzima. Kisha nikaichomoa kebo ya ukutani kwenye swichi (muhimu, kwa sababu swichi inayotuma umeme kwenye kebo inaweza kuiunguza testa), nikaweka testa upande wa kabati la swichi na kipokezi chake chumbani. Taa ya 1, 2, 4, 5, 7 na 8 ziliwaka. Ya 3 na ya 6 hazikuwaka kabisa: jozi ya kijani. Jozi hiyo ikikosekana, hata mtandao wa Mbps 100 haupandi, maana nao unaitegemea.

Nikafunga upya waya za tundu, na za upande wa kabati. Hali ileile. Basi waya ulikuwa umekatika katikati, na testa hii haipimi umbali. Hapo ndipo toni inapoingia.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukibana klipu zote mbili kwenye jozi moja, waya zilizosokotwa zinafutana sauti, na unasikia kidogo sana. Nilibana nyekundu kwenye waya wa kijani uliokatika, na nyeusi kwenye chuma kilichounganishwa na ardhi. Kisha nikapunguza sauti ya kalamu, kwa kuwa toni inavuja hadi kwenye waya nzima za kebo hiyohiyo, na ukiiacha juu utaisikia hata ng'ambo ya mkato. Nikaifuata trankingi ya plastiki polepole. Chini ya runinga mpya sauti ikafifia ghafla. Nikahamishia kitoa toni kabatini, nikarudi kinyume: ikafifia palepale.

Tulipofungua kifuniko tulikuta skrubu ya kishikio cha runinga imepita kwenye kebo na kuzikata waya mbili za kijani. Sikuunga, nilivuta kebo mpya. Taa zote nane zikawaka, na kompyuta ikaonyesha 1 Gbps.

Kasoro yake: testa haioni jozi zilizochanganywa mradi namba zinalingana pande zote, na karibu na nyaya za umeme kalamu inavuma hadi inachosha masikio. Kwa kazi kama hii ningeinunua tena. Ila kebo ikipita ndani ya bomba la chuma, toni haisikiki, na hapo utahitaji kifaa kinachopima umbali hadi kwenye mkato.