Kurekebisha meseji ya rafiki au kuiandika upya?

Rafiki kakuandikia meseji ya kumtumia unayempenda: “Malaika wangu, tangu nikuone usingizi umenipaa.” Wewe kila siku humwandikia “mambo, ushafika?”

Ukirekebisha, utafuta “malaika”, uweke jina unalomwita, ukate sentensi. Ni haraka, ila mpangilio hubaki wa mwenye nao: “usingizi umenipaa” itagongana na “ushafika” yako ya kesho, naye atashtuka.

Kuandika upya huchukua dakika kumi hivi. Chukua wazo tu (unamuwaza usiku), funga rasimu, liseme kwa sauti, kisha andika ulivyotamka, ukiongeza jambo mnalolijua wawili: “Saa sita hii bado nacheka ulivyomwaga chai. Umelala?” Hiyo haiwezi kutumwa kwa mwingine. Kurekebisha kunatosha kwa salamu fupi tu.