Uzoefu wangu na jedwali la kukokotoa idadi ya mabasi: dakika nne zilizodai basi zima

Nimelitumia jedwali hili la Excel kwa zaidi ya miezi minne sasa, na ninalipa nyota tatu kati ya tano. Ni la kununua: unapakua faili moja, unajaza muda wa safari, mwachano wa basi na basi na muda wa kusimama kituo cha mwisho, nalo linakupa idadi ya mabasi ruti yako inayohitaji. Jina la muuzaji silitaji, kwa sababu nia yangu ni kukuonyesha hesabu ilipoteleza ili nawe ujue pa kuangalia, hata kama jedwali lako ni jingine.

Kazi yangu ni kupanga ratiba. Nilipewa ruti mpya na sharti moja tu, kwamba basi litoke kila baada ya dakika 20. Kabla ya kununua chochote nilipanda basi na saa mkononi, mara 20, asubuhi wakati wa foleni. Wastani wa kwenda na kurudi ulikuwa dakika 94, vituo vyote vya njiani vikiwemo. Mwisho wa ruti, kila upande, dereva anahitaji angalau dakika 5 za kushuka, kunyoosha miguu, kuangalia matairi na kufidia ucheleweshaji wa njiani.

Hapa ndipo nilipojikwaa mara ya kwanza. Jedwali lina kisanduku kimoja tu kilichoandikwa "muda wa kituoni". Nikaweka 5. Likajumlisha 94 na 5, likapata 99, likagawa kwa 20, likaniambia mabasi 5. Nilifurahi, maana matano ndiyo niliyokuwa nayo.

Usiku ule nikakumbuka kwamba ruti ina ncha mbili. Basi linasimama dakika 5 huku na dakika 5 kule, kwa hiyo kisanduku kile kilihitaji 10. Asubuhi nikarekebisha. Jibu likabaki 5. Nikajisemea basi, hesabu iko imara, hata kosa langu halikuitikisa. Nikachapisha ratiba.

Wiki ya kwanza ilinichanganya. Asubuhi mabasi yanachelewa, adhuhuri yako sawa kabisa, jioni yanachelewa tena. Nikadhani ni foleni, na nakiri kwamba nilidhani pia ni uzembe. Nikamwita dereva mmoja wa siku nyingi, nikamuuliza kwa nini ratiba inasema saa 1:40 naye anatoka 1:44. Akanijibu, "Kijana, mimi nafika, napumua dakika zangu tano ulizonipa, naondoka. Sasa hiyo 1:40 uliiandika wewe, si mimi."

Nikachukua karatasi nikafuata basi lake peke yake, mzunguko baada ya mzunguko. Linatoka saa 12:00 asubuhi. Linakwenda na kurudi kwa dakika 94 na kusimama dakika 10, jumla 104, kwa hiyo liko tayari saa 1:44. Ratiba yangu ililitaka saa 1:40, kwa sababu mabasi 5 yanayopishana kwa dakika 20 yanarudiana kila baada ya dakika 100. Mzunguko wa pili likawa tayari saa 3:28 badala ya 3:20. Kufikia hapo foleni imekwisha na safari nzima inachukua dakika 82. Ongeza 10 za kusimama, unapata 92, na 3:28 pamoja na dakika 92 ni saa 5:00 kamili. Ratiba nayo inasema saa 5:00. Deni lote la asubuhi limelipwa bila mtu kuona, na saa 10:00 jioni linaanza kukopwa upya.

Ndiyo maana sikuliona mapema. Ukiangalia wastani wa siku nzima, ruti inaonekana na afya. Lazima ufuate basi moja, na uangalie saa za foleni peke yake.

Baada ya hapo nikafungua kisanduku cha jibu kuona kilichoandikwa ndani. Hiki hapa:

```
=ROUND((B2+B3)/B4,0)
```

B2 ni muda wa kwenda na kurudi, B3 muda wa kusimama, B4 mwachano. Jumla ya 104 ukiigawa kwa 20 unapata 5.2, na `ROUND` inaishusha hadi 5. Kwa bei za sokoni hilo halina ubaya, lakini sehemu ya basi haibebi abiria. Ikizidi tano hata kwa nukta moja, ni sita. Fomula sahihi ni hii:

```
=ROUNDUP((B2+B3)/B4,0)
```

Jambo dogo la pembeni: jaza dakika kama namba za kawaida, 94 na 10, usijaze kama saa. Excel huhifadhi saa kama sehemu ya siku, na mgawanyo unaopaswa kuwa 5 kamili unaweza kuwa 5 na chembe isiyoonekana, nayo `ROUNDUP` ikakupandishia basi la sita bure.

Kosa lenyewe ungeligundua hata bila kufungua fomula. Chukua idadi ya mabasi, zidisha kwa mwachano. Matokeo yasipungue jumla ya muda wa safari na muda wa kusimama. Mabasi 5 mara dakika 20 ni 100, na mimi nilihitaji 104. Jedwali halionyeshi namba hii popote, na hilo ndilo lililonifanya niondoe nyota ya kwanza. Njia nyingine ni ya vidole: andika saa za kutoka, 12:00, 12:20, 12:40, 1:00, 1:20. Hayo ni mabasi matano. Linalofuata ni la 1:40, na basi la kwanza linapatikana 1:44. Nani anatoka 1:40? Hayupo, kwa hiyo ongeza la sita.

Basi zima kwa ajili ya dakika nne linauma, na nililipambania. Nilifikiria kuwapa madereva dakika 3 kila upande badala ya 5. Hesabu inakubali, 94 na 6 ni 100. Lakini nilirudi kwenye zile safari zangu 20, nikazipanga kuanzia ya haraka hadi ya polepole. Ya 17 ilikuwa dakika 101. Yaani safari nne kati ya ishirini zilichukua dakika 101 au zaidi, na mzunguko wa dakika 100 ungezifanya zichelewe kutoka hata dereva asiposhuka kabisa kwenye kiti. Wastani wa 94 haukuonyesha hilo. Muda wa kusimama mwisho wa ruti unafanya kazi mbili, kumpumzisha mtu na kumeza safari mbaya, na ukiukata unazikata zote mbili.

Nikafikiria pia mwachano wa dakika 21. Mabasi 5 mara 21 ni 105, zinatosha na dakika moja inabaki. Hiyo ni njia halali kabisa kama basi la sita halipo. Ila saa za kutoka zinakuwa 12:00, 12:21, 12:42, 1:03, na hakuna abiria atakayezikariri. Na ile safari ya dakika 101 ingebakiwa na dakika 4 tu kwa ncha zote mbili.

Mwishowe nilipewa basi la sita, na hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho jedwali halikunidokeza. Mabasi 6 kwa mwachano wa 20 yanafanya mzunguko wa dakika 120. Ondoa 94 za njiani, zinabaki 26 za kusimama, wakati nilihitaji 10. Dakika 16 katika kila mzunguko basi limelala na injini imezimwa. Stendi yetu ya mwisho ina nafasi moja tu ya kusubiria, na zote 26 zikitumika upande mmoja, basi la pili linaingia kabla la kwanza halijatoka, kwa sababu 26 inazidi 20.

Basi likishalipiwa, geuza hesabu: 104 gawa kwa 6 ni 17.3. Pandisha hadi 18, mzunguko unakuwa dakika 108, na zinabaki 14 za kusimama. Nikaweka 9 upande wenye stendi kubwa na 5 upande wa pili. Hata safari ya dakika 101 inabakiwa na 7 kabla ya kutoka tena. Kwa basi lile lile la sita abiria amepata huduma kila dakika 18 badala ya 20. Mchana, safari ikiwa dakika 82, matano yanatosha kwa mwachano wa 20: 92 gawa kwa 20 ni 4.6, napandisha hadi 5. Basi la sita linarudi gereji baada ya foleni ya asubuhi na kutoka tena jioni.

Hilo linanileta kwenye lalamiko la pili. Jedwali linapokea muda mmoja tu wa safari kwa siku nzima. Ukijaza wa mchana, asubuhi inakufa. Ukijaza wa asubuhi, mchana unalipia basi lisilohitajika. Mimi nimenakili ukurasa mara tatu, asubuhi, mchana na jioni, na nasoma jibu kubwa kuliko yote. Jibu hilo pia ni la mabasi yaliyo barabarani, ingawa jedwali linaliita "mabasi yote". La akiba, la siku ambayo moja liko kwa fundi, ni lazima uliongeze mwenyewe.

Nyota tatu zimebaki kwa sababu ukurasa wa kurekodi safari ni mzuri kweli. Unaingiza saa ya kutoka na ya kufika, safari zinajipanga zenyewe kwa mpangilio wa muda, na ile safari ya 17 niliiona humo kwa kubofya mara moja. Mchoro wa saa za kutoka nao unasomeka hata ukichapishwa kwenye karatasi isiyo na rangi, na madereva wameubandika ukutani.

Nilimwandikia muuzaji kuhusu `ROUND` na kuhusu kisanduku cha muda wa kituoni. Alijibu kwa heshima kwamba atavirekebisha. Toleo nililopakua wiki iliyopita lina visanduku viwili sasa, kimoja kwa kila ncha ya ruti. Fomula ya jibu bado ni ile ile.