Sindano ya muda mrefu: flufenazini au haloperidoli?

Zote mbili ni dawa za saikosisi za aina ya dekanoeti, ndani ya mafuta, huchomwa ndani ya msuli wa tako. Flufenazini hupanda haraka kwenye damu, mara nyingi ndani ya siku moja. Ndiyo maana shingo au taya huweza kukakamaa mapema. Anza na miligramu 12.5 za majaribio. Haloperidoli hufika kilele karibu siku ya 6, na huchomwa kila wiki 4.

Kwa anayemeza haloperidoli tayari, sisi tungechagua haloperidoli, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Mkulima wa Tandahimba anayetumia miligramu 5 mara mbili kwa siku ana 10; zidisha kwa 10, upate 100, yaani mililita 2 za dawa ya miligramu 50 kwa mililita. Vidonge visisitishwe siku hiyohiyo: vipunguzwe taratibu, maana kiwango cha dawa ya sindano hutulia mwilini baada ya miezi 2 hadi 4.

Msimu wa korosho ukimchelewesha wiki moja au mbili, mchome dozi yake ileile, usiiongeze maradufu. Akipotea miezi mitatu, mpime upya na urudishe vidonge kwanza.