Gemu za mafumbo kwenye daladala: zipi hazikumwagii jibu

Gemu nyingi za bure zina kitufe cha msaada pembeni kabisa mwa kidole. Daladala likiruka tuta tu, umekigusa, na kisanduku ulichokihangaikia tangu Mbagala kimejijaza chenyewe. Nimezipanga hizi kwa kigezo hicho kwanza, kisha kama zinacheza bila bando.

Ya kwanza, bila kusita, ni Simon Tatham's Puzzles. Ni bure, haina matangazo, na ndani yake kuna mafumbo ya aina karibu arobaini. Anza na Mines, ile ya kukwepa mabomu, ambapo kila namba huhesabu mabomu yaliyo kwenye visanduku vinavyoigusa. Matoleo mengi ya mchezo huu hukufikisha kwenye visanduku viwili vya mwisho ukabaki kubahatisha. Hili hutengeneza ubao unaofumbulika kwa hoja tupu, mwanzo hadi mwisho.

Mfano: ukutani umepata 1, 2, 1 zimefuatana, na visanduku vilivyofungwa viko upande mmoja tu. Tuseme cha mbele ya 2 kina bomu. Basi 2 inadai bomu jingine mbele ya mojawapo ya zile 1, na hiyo 1 itakuwa inaona mabomu mawili. Haiwezekani. Kwa hiyo mabomu yako mbele ya zile 1, na cha katikati unafungua bila woga. Ukishaligundua hilo mwenyewe, kesho utaliona kwa jicho moja. Ungeonyeshwa tu kisanduku, kesho ungekwama palepale.

Kidole kikiteleza ukalipua bomu, unarudi nyuma hatua moja, ila kifo kinahesabiwa. Solve ipo, lakini imefichwa kwenye menyu na hufumbua ubao wote, kwa hiyo haikupitii kwa bahati mbaya. Kwenye Solo, yaani sudoku, epuka kiwango cha Unreasonable: hapo kubahatisha kunaruhusiwa.

Ya pili ni Baba Is You, ya kulipia. Sheria za mchezo ni maneno unayoyasukuma: ukivunja sentensi WALL IS STOP, ukuta unapitika. Msaada hakuna kabisa. Kasoro yake ni kwamba hatua moja inaweza kukuganda siku tatu, na ukishuka kituoni huwa umesahau ulikuwa unawaza nini.

Good Sudoku naiweka ya tatu, kwa wenye iPhone. Msaada wake hufundisha mbinu, na umeandaliwa vizuri, lakini mwisho wa somo namba unaijua. Anayechukia kudokezwa hataridhika.

Usidharau kitabu cha sudoku na penseli, alimradi umepata siti. Majibu huwa kurasa za nyuma. Mimi huzibana kwa stepla nikiwa bado dukani.